Uji mzito unaoteremka: kumlisha mgonjwa wa mionzi ya koo akirudi nyumbani Dodoma

Mgonjwa wa saratani ya koo anayepewa mionzi kamili hukaa mjini karibu wiki 7, mara nyingi mionzi 35, Jumatatu hadi Ijumaa. Wengi wa huku kwetu huipata Ocean Road, Dar es Salaam. Vidonda vya mdomoni na kooni huanza wiki ya pili au ya tatu, lakini kilele chake huja mwishoni mwa tiba na wiki moja au mbili baada ya mionzi ya mwisho. Maana yake, mgonjwa anashuka kwenye treni au basi akiwa katika hali mbaya kuliko aliyokuwa nayo wodini, na wa kumlisha sasa ni mke, binti au mkwe. Nawaandikia hao. Mimi ni muuguzi, nawatembelea wagonjwa wa namna hii majumbani, na ninachokiona kikiwaangusha mara nyingi ni uji.

Hatua ya 1: Mdomo kabla ya chakula

Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya mapishi. Mgonjwa asukutue na kutema kabla na baada ya kila mlo, na akiamka usiku. Maji hayo yanalegeza makamasi mazito ambayo hukwama kooni na kumtapisha. Tengeneza mapya kila siku.

Soda ninayosema ni ule unga mweupe wa dukani. Siyo bekingi pauda, na siyo magadi. Magadi ni makali zaidi, na kwenye kidonda yanaunguza. Dawa za kusukutua zenye spiriti nazo ziache dukani, hata kama tangazo lake ni zuri.

Mulika mdomo kwa tochi kila asubuhi. Wekundu na utando wa vidonda ni wa mionzi. Ukiona madoa meupe kama maziwa yaliyoganda kwenye ulimi au mashavuni, na maumivu yameongezeka ghafla, huenda ni fangasi. Hiyo ina dawa yake, mpeleke apimwe. Maji ya chumvi hayataiondoa.

Hatua ya 2: Dawa ya maumivu itangulie nusu saa

Kama amepewa mofini ya maji, anywe kwa kipimo alichoandikiwa, kwa saa zilizoandikwa, na milo ipangwe nusu saa baada ya dawa. Wengi humpa chakula kwanza, akilia ndipo wanatafuta chupa. Kwa mpangilio huo atakula vijiko vitatu na kukataa. Mofini hufunga choo, kwa hiyo dai na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Uji

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kilo zinapopotea.

Mzee mmoja wa Bahi alikwenda kwenye mionzi akiwa na kilo 64, akarudi na 58. Mkwe wake alikuwa anamhudumia kwa moyo wote. Akaniambia, “Sista, baba anakunywa uji kutwa nzima, lakini suruali inamvuka.” Nikamwomba apike mbele yangu. Alitia unga kama gramu 100 kwenye lita moja ya maji, kwa kuwa ukizidi hapo uji unakuwa mzito na mzee hawezi kuumeza. Gramu 100 za unga zina kama kilokalori 350. Mzee alijitahidi akamaliza lita moja na nusu kwa siku, yaani kama 500.

Mtu wa kilo 58 aliye kwenye hali hii anahitaji angalau kilokalori 30 kwa kila kilo: 30 mara 58 ni 1,740. Protini anahitaji gramu 1.2 kwa kilo, karibu gramu 70. Kwa uji ule angelazimika kunywa lita tano kila siku, na bado protini isingetosha. Kukazana kumwambia “kunywa baba, jitahidi” hakubadilishi hesabu hiyo.

Ukiongeza unga uji hausogei, na ukiongeza maji unamshibisha bure. Kinachotatua ni kimea. Nafaka iliyochipua ina vimeng'enya vinavyokata wanga, na kijiko kimoja tu kinaugeuza uji mzito kuwa wa kunywa, huku chakula chote kikibaki ndani. Wanawake wa Kigogo wanakijua kimea tangu zamani kwa sababu ya pombe, kwa hiyo kukitengeneza si kazi ngeni.

Natumia kimea cha ulezi na nakisisitiza. Mtama ukichipua, machipukizi yake yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi. Kama huna kingine, pukusa mizizi na machipukizi yote baada ya kukausha, na usiruke kuchemsha mwishoni. Lakini ulezi haukupi wasiwasi huo. Loweka usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hivi hadi vichipukizi vifikie urefu wa ukucha, anika juani hadi zikauke kabisa, pukusa, saga. Kikinuka ukungu, tupa. Kimea cha kununua kwa mpika pombe sikitumii kwa mgonjwa, kwani hujui kimelala wapi.

Hiki ndicho chungu cha siku moja:

Unga wa uwele au ulezi kikombe kimoja kilichojaa (kama gramu 150), maji robo tatu ya lita, kimea kijiko kimoja cha chakula, maziwa halisi nusu lita, karanga zilizosagwa laini vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa (kama gramu 50), mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula, yai moja.

Pika unga na maji hadi uive vizuri na uwe mzito hata mwiko ukataka kusimama. Epua. Sasa subiri. Kimea kikitiwa kwenye uji unaochemka kinakufa na hakifanyi kazi yoyote. Kikitiwa kwenye uji uliopoa kinasuasua. Unapoweza kuonja tone moja kwenye ncha ya ulimi bila kuungua, ndipo. Nyunyiza kimea, koroga, funika dakika kumi. Ukirudi utakuta umelegea, unatiririka kutoka kwenye mwiko. Kama haujalegea, ama uliwahi mno au kimea kimezeeka. Ongeza kijiko kingine, usiongeze maji.

Kisha rudisha jikoni, na hapa usinifanyie mkato. Kimea kilikaa siku mbili kwenye unyevu, kina vijidudu, na mgonjwa huyu kinga yake iko chini, hasa kama alipewa na dripu za saratani. Tia maziwa, karanga na mafuta, mimina yai lililopigwa huku unakoroga, acha uchemke dakika tano. Hautakuwa mzito tena. Chuja kwa chujio la chai, maana chembe moja ya karanga kwenye kidonda inatosha kumfanya agome siku nzima.

Chungu hicho kina kama kilokalori 1,440 na protini karibu gramu 49, katika vikombe sita. Ongeza nusu lita ya maziwa na yai moja lililoiva na kupondwa laini kwa siku, unafika 1,800 na gramu 70. Huna friji? Pika nusu asubuhi na nusu mchana. Mpe vuguvugu, moto unauma. Kama ana kisukari, kimea kinaugeuza wanga kuwa sukari haraka, kwa hiyo zungumza na kliniki yake kwanza.

Karanga na nafaka zichambue kwa mkono kabla ya kusaga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu haiingii.

Nani asipewe uji huu? Yule anayekohoa kila akinywa maji, au sauti yake inabaki na mkoromo wa majimaji baada ya kumeza. Kwake kitu chepesi kinaingia kwenye njia ya hewa. Huyo anahitaji uji uliobaki mzito kidogo, akae wima, kidevu kikiinama kuelekea kifuani, mafunda madogo, na aonwe hospitali aangaliwe umezaji wake. Akipata homa na kifua kikabana, asisubiri kesho. Wengine chakula huwaingia kifuani bila hata kukohoa, kwa hiyo homa za kujirudia zisichukuliwe kirahisi kuwa malaria.

Mzee wa Bahi hakuwa akikohoa. Kwa chungu hiki uzito ulisimama kwenye 58, na mwezi uliofuata ulikuwa 59.

Hatua ya 4: Mizani, na mpira wa puani

Mpime mara moja kwa wiki, mizani ileile, nguo zilezile. Kama zahanati iko mbali, mizani ya mashine ya kusaga inatosha. Akipoteza zaidi ya kilo 3 kati ya 60 ndani ya mwezi mmoja, au ukiona kwa siku kadhaa hafikishi nusu ya chungu, mpeleke na uulize kuhusu mpira wa kulishia. Familia nyingi huuona mpira kama dalili ya kifo. Ni njia ya muda tu, na uji huu wa kimea ukichujwa vizuri unapita humo, mradi usukume maji safi kama mililita 30 kabla na baada ya kila mlo ili usizibe.

Akiwa na mpira, aendelee kumeza mate na mafunda ya maji mara nyingi kwa siku, kama hakohoi. Misuli ya koo isipofanya kazi wiki nyingi inakakamaa, na kuirudisha ni shida.

Hatua ya 5: Ukavu unaobaki

Vidonda vingi hupona wiki 4 hadi 8 baada ya mionzi. Mate ni habari nyingine. Tezi zilizopigwa hurudi polepole, mwaka mmoja au miwili, na kwa wengine hazirudi zote. Upepo wetu wa Juni hadi Agosti unazidisha. Chupa ya maji isimwondoke mkononi, na usiku atundikiwe kitambaa kibichi karibu na kitanda.

Chakula cha kwanza cha kutafuna ninachopendekeza ni ugali laini wa uwele kwa mlenda, usiotiwa pilipili wala magadi, uliochanganywa na karanga. Mlenda unafanya kazi ambayo mate hayaifanyi: unalibeba tonge hadi chini. Nyama kavu na mkate vitangoja. Ubuyu, ukwaju, ndimu na zabibu zetu zitangoja zaidi, maana zinachoma kidonda na baadaye zinakula meno yasiyo na mate ya kuyalinda.

Meno yapigwe mswaki laini kwa dawa yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Jino likiuma, hata baada ya miaka mitano, asing'olewe popote kabla mng'oaji hajaambiwa kwamba taya lilipigwa mionzi. Mfupa wa taya la chini ukishapigwa hupona kwa shida, na pengo la jino linaweza kubaki wazi, likaoza hadi mfupani. Barua ya mionzi aende nayo mkononi, na ang'olewe hospitali yenye daktari wa meno.