Somo: Kugeuza karatasi ya vipimo vya sola iwe tangazo la Kiswahili bila kuharibu wati

Kila wiki ujumbe ni uleule: "Mkuu, nimepokea mzigo wa sola, karatasi yake ni ya Kiingereza, niandikie tangazo." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naliandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Tutumie seti ndogo ya nyumbani. Karatasi yake inasema hivi:

```
Panel:    Pmax 100 W (STC), Vmp 18 V, Imp 5.56 A
Battery:  LiFePO4 12.8 V 50 Ah, 640 Wh, DOD 80%
Inverter: 300 W, peak 600 W, eff. 90%
```

Hatua ya 1. Nakili kila namba pamoja na herufi zake. Ukikuta 12,8 kwenye karatasi ya Ulaya, hiyo ni kumi na mbili nukta nane.

Hatua ya 2. Zidisha volti kwa ampea uone kama karatasi inajikubali yenyewe. 18 × 5.56 ni 100, na 12.8 × 50 ni 640. Zisipolingana, usitafsiri kwanza. Mrudie aliyekuuzia.

Hatua ya 3. Tenganisha W na Wh. Hapa ndipo niliwahi kuumbuka. Miaka kadhaa nyuma niliandikia duka moja tangazo la seti kama hii, nikaweka "sola yenye uwezo wa wati 640". Kile kiherufi h nilikiona, nikadhani ni mapambo. Mama mmoja muuza juisi akainunua kwa ajili ya blenda yake ya wati 500, kwa hesabu halali kabisa kwamba 500 ni ndogo kuliko 640. Kila akibonyeza, inveta inalia na kuzima. Akairudisha, duka likanikata hela yangu, na sikuwa na la kujitetea.

Kosa lilianzia kwenye neno "uwezo", kwa sababu kwetu linabeba mambo mawili kwa mpigo. Tangu siku hiyo silitumii. Wati naziita *nguvu*, yaani kiasi ambacho kifaa kinaweza kusukuma kwa wakati mmoja. Wati-saa naziita *akiba*, yaani umeme uliohifadhiwa ndani. Akiba ni maji kwenye tangi, nguvu ni upana wa koki. Mama yule alikuwa na tangi la 640 lakini koki yake ni 300. Mteja anayenunua LUKU tayari anaijua akiba bila kuambiwa: uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo betri hii ikijaa ina kama uniti 0.64. Mwambie hivyo, ataelewa kuliko ukimwambia ampea-saa.

Angalizo: ile 600 ya "peak" ni ya sekunde chache tu, kusaidia mota kuanza. Usiifanye kichwa cha tangazo. Na usijumlishe 100 ya paneli na 300 ya inveta, nimewaona wanaofanya hivyo.

Hatua ya 4. Shuka mpaka kinachomfikia mteja. DOD 80% maana yake mtengenezaji anataka utumie sehemu hiyo tu ya betri, kwa hiyo 640 inabaki 512. Inveta nayo inakula sehemu yake, kwenye soketi inatoka kama 460. Lakini hiyo ni betri iliyojaa. Swali la mteja ni la kila siku, na jibu lake liko kwenye paneli. STC ni hali ya maabara: jua la wati 1,000 kwa mita ya mraba, na seli zenyewe zikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati mchana seli zinaweza kufika nyuzi 60, na paneli inayopoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inakuwa imeshashuka kwa asilimia 12 hivi. Ongeza vumbi, waya na hasara za kuchaji. Mimi huhesabu jua kamili la muda wa saa 5, kisha nachukua asilimia 70: 100 × 5 × 0.7 ni 350. Ikipita kwenye inveta inabaki kama 300. Basi seti ya "640" inaipa nyumba wati-saa 300 kwa siku, na betri ikiisha kabisa itahitaji karibu siku moja na nusu kujaa. Kwenye masika punguza tena.

Hatua ya 5. Andika "kwa muda wa saa 4", kamwe usiandike "inawaka saa 4". Kuna mteja ataelewa inawaka saa nne usiku.

Tangazo langu linatoka hivi:

> Paneli ya wati 100. Betri yenye akiba ya wati-saa 640, zinazofika kwenye soketi ni kama 460. Vitu vinavyowaka kwa pamoja visizidi wati 300. Siku ya jua zuri utapata kama wati-saa 300: televisheni ya wati 40 kwa muda wa saa 4, taa tatu za wati 5 kwa muda wa saa 5, na chaji ya simu mbili. Haifai kwa pasi, birika wala blenda ya wati 500.

MASWALI

Kijana_wa_Duka: Mkuu kwa hiyo hii inabeba pasi?

Mwandishi: Mstari wa mwisho wa tangazo.

Kijana_wa_Duka: Hata ile ndogo?

Mwandishi: Angalia wati kwenye pasi yako. Zikizidi 300, hapana.

Bosi Mzigo: Jirani yangu anaandika "640W" kwa herufi kubwa. Mimi nikiandika 300 nitamuuzia nani? Unaua biashara za watu.

Mwandishi: Hiyo 640 iandike hata kwa herufi kubwa kuliko za jirani, ila iite akiba. Sijakukataza namba kubwa, nimekukataza kuibandika jina la nyingine. Ile seti iliyorudishwa nililipia mimi, si jirani.

Mama Neema: Shikamoo kaka. Nina taa ya sola imeandikwa 20,000 mAh, na betri ya dukani ni 12.8 V 20 Ah. Elfu ishirini si ndiyo 20 Ah? Mbona bei zinapishana mno?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri. Ni kweli, 20,000 mAh ni 20 Ah. Ila fungua taa usome volti ya betri yake. Taa nyingi za hivyo zina seli za 3.2 V. 3.2 × 20 ni wati-saa 64, na ile ya dukani 12.8 × 20 ni 256, mara nne. Ampea-saa ni zilezile, akiba ni tofauti. Ndiyo maana siandiki Ah peke yake kwenye tangazo, lazima iende na volti au niigeuze kuwa wati-saa. Kama una karatasi ya hiyo taa, iweke hapa tuitazame.

Fundi Kiwanda: Nyongeza: inveta nyingine zimeandikwa VA. 500 VA yenye "PF 0.8" ni wati 400. Msiandike 500.

Mwandishi: Sahihi, nilisahau.

Fundi Kiwanda: Na mzigo ukifika, pima kilo. Betri ya lithiamu ya 12.8 V 50 Ah huwa karibu kilo 6. Ikiwa na kilo 2, karatasi inadanganya.

Mama Neema: Na kama wamejaza mchanga?

Fundi Kiwanda: Hapo mizani haisaidii. Ijaze, chomoa paneli, washa televisheni ya wati 40 na utazame saa ya ukutani. Betri ya kweli itakwenda muda wa saa 11 hivi. Ikizima kabla ya kumaliza muda wa saa 3, rudisha mzigo.