Kipande cha mbao kinachoelea: kitazama sentimita ngapi?

Chukua kipande cha mbao kilichorandwa vizuri, urefu sm 20, upana sm 10, kimo sm 8. Kwenye mizani kinasoma gramu 960. Ukikilaza juu ya maji kwenye beseni, sentimita ngapi za kile kimo zitakuwa chini ya maji? Tukokotoe kwanza, kisha tupime kwa rula.

Hatua ya 1: chora kani. Ziko mbili tu. Uzito unavuta mbao chini, maji yanaisukuma juu. Mbao imetulia, haipandi wala haishuki, kwa hiyo kani hizo zinalingana. Wengi hudhani kitu kikielea basi msukumo wa maji umeushinda uzito. Sivyo: ungeushinda, mbao ingeendelea kupanda.

Hatua ya 2: uzito. Kila kilo huvutwa chini kwa karibu niutoni 10, yaani 10 N, basi kilo 0.96 × 10 = 9.6 N.

Hatua ya 3: msukumo wa maji. Akimede alionyesha kuwa msukumo ni sawa na uzito wa maji yaliyopishwa na kitu. Kitako cha mbao kina eneo la 0.2 × 0.1 = 0.02 m². Kina kilichozama tukiite d, kwa mita. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa 10,000 N, basi:

Msukumo = 10,000 × 0.02 × d = 200d

Hapa ndipo watu huteleza. Wanaweka kimo chote, 0.08, wanapata 16 N. Huo ni msukumo unaopatikana ukiizamisha mbao yote kwa mkono. Ukiiachia, inaruka juu.

Hatua ya 4: linganisha. 200d = 9.6, kwa hiyo d = 0.048 m, yaani sm 4.8. Ukipata d kubwa kuliko kimo, na hesabu iko sawa, mbao hiyo haielei.

Unapopima, chora alama ya penseli na ushushe jicho hadi usawa wa maji. Maji hukwea kidogo ubavuni mwa mbao, na ukisoma pale yalipokwea utazidisha.

Maswali

*Mwalimu, yangu niliiacha usiku kucha, asubuhi imezama zaidi. Nimekosea wapi?*
Hukukosea. Mbao imekunywa maji, imekuwa nzito. Ipime upya kwenye mizani, uzito mpya utakupa kina kipya.

*Nikiweka juu yake robo kilo ya sukari?*
Unaongeza 2.5 N. Gawa kwa 200: inashuka sm 1.25 zaidi, inafika sm 6.05.

*Nikiisimamisha, kimo kiwe sm 20?*
Kitako sasa ni 0.008 m², msukumo ni 80d, na d ni sm 12. Ujazo uliozama ni uleule. Lakini ukiiachia italala yenyewe: kani kulingana hakutoshi kuifanya isimame wima.