Pima mwenyewe: kwa nini hedifoni za kuzima kelele hunyamazisha injini lakini si maneno ya watu

Hedifoni hizi zina maikrofoni inayosikiliza kelele, saketi inayoigeuza, na spika inayoipiga ikiwa imegeuzwa: kelele inaposukuma hewa, spika inavuta. Vikikutana sikioni, kilele cha wimbi moja kinaangukia kwenye bonde la lingine, vinafutana. Kazi yote ni kufika kwa wakati, na hilo unaweza kulipima kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya SoX.

Hatua ya 1. Tengeneza kelele na kinyume chake. Tunaanza na mvumo wa hezi 100, unaokaribiana na ule wa injini au transfoma.

```
sox -n -r 48000 -c 1 kelele.wav synth 5 sine 100 vol 0.4
sox kelele.wav kinyume.wav vol -1
sox -m -v 1 kelele.wav -v 1 kinyume.wav jumla.wav
sox jumla.wav -n stats
```

Hiyo `vol -1` ndiyo inayogeuza wimbi juu chini. Sikiliza `jumla.wav`: kimya. Usisahau zile `-v 1`, maana bila hizo SoX hupunguza kila sauti kabla ya kuzichanganya, na vipimo vyako vitakudanganya.

Hatua ya 2. Chelewesha kinyume. Hakuna saketi inayojibu papo hapo. Badilisha mstari wa pili uwe hivi, kisha rudia miwili inayofuata:

```
sox kelele.wav kinyume.wav vol -1 pad 6s
```

Herufi `s` hapo ni sampuli, si sekunde. Sampuli 6 kati ya 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 0.125. Angalia mstari wa `RMS lev dB`. Kelele peke yake ina kama -11. Jumla sasa ina kama -33. Tumepoteza ule ukimya kamili, lakini desibeli 22 zimeondoka, na kwa sikio hiyo ni nafuu kubwa.

Hatua ya 3. Panda masafa, usiguse ucheleweshaji. Kwenye mstari wa kwanza weka 1000 badala ya 100, endesha yote upya. Jumla inatoka kama -13: umepunguza desibeli 2 tu, tofauti ambayo wengi wataisikia kwa shida. Weka 4000. Sasa jumla ni kama -5, yaani desibeli 6 *juu* ya kelele yenyewe. Dawa imekuwa ugonjwa.

Sababu iko kwenye urefu wa mzunguko. Wimbi la hezi 100 huchukua milisekunde 10 kumaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo kuchelewa 0.125 ni sehemu ya 80 ya mzunguko huo. Vilele na mabonde bado vinakutana vizuri. Wimbi la hezi 4,000 humaliza mzunguko kwa milisekunde 0.25. Ukichelewa 0.125 umechelewa nusu mzunguko kamili, na wimbi lililogeuzwa likisogea nusu mzunguko linarudi kuwa sawa na la kwanza. Badala ya kufutana, yanajumlishana.

Mpaka wa faida na hasara ni pale kuchelewa kunapofika sehemu moja ya sita ya mzunguko. Hapa ni karibu hezi 1,333.

Hatua ya 4. Hesabu umbali wa maikrofoni. Maikrofoni ikikaa nje ya kikombe, sentimita 2 kabla ya spika, sauti inayotoka upande huo hutumia karibu milisekunde 0.058 kufika ndani. Saketi inapata huo muda bure. Ucheleweshaji unaobaki ni 0.067, na mpaka unapanda hadi karibu hezi 2,500. Ila kelele ikitoka upande mwingine wa kichwa, muda huo hupungua au hupotea. Ndiyo maana watengenezaji hawaisukumi saketi kwenye masafa ya juu: wanaichuja, na kazi hiyo wanaiachia sponji ya kikombe, ambayo huzuia vizuri sauti nyembamba hata betri ikiwa imekwisha. Konsonanti za maneno ziko huko juu, kwa hiyo kama sponji haizizuii, jirani yako utaendelea kumwelewa.

(Kuchelewa kwa bluutuuthi hakuhusiki hapa. Muziki unaweza kuchelewa utakavyo. Kelele husikilizwa na kugeuzwa ndani ya hedifoni yenyewe.)

Hatua ya 5. Jaribu kwenye hedifoni yako. Piga `kelele.wav` ya hezi 100, kisha ya 1,000, kwa spika kubwa. Ya simu haiwezi kutoa hezi 100. Washa na uzime kizima kelele. Kama hata mvumo wa hezi 100 haupungui sana, usilaumu saketi kwanza. Bonyeza vikombe kwa viganja: mvumo ukishuka ghafla, kuna upenyo. Mara nyingi ni mkono wa miwani au mkunjo wa mtandio chini ya sponji, na sauti nzito ndizo zinazopita hapo kwa urahisi.