SOMO: Mali kauli, nani aandike stoku?

Tuchukue mfano. Muuza jumla wa Kariakoo anampa mwenye duka Morogoro vitenge 40, kila kimoja amekinunua sh 18,000. Nauli ya mzigo sh 40,000 analipa huyo muuza jumla. Bei ya dukani ni sh 28,000, na mwenye duka anapata kamisheni ya asilimia 10 kwa kila kinachouzika.

Hatua ya 1: Soma makubaliano kabla ya kushika kalamu. Je, muuza jumla anaweza kudai vitenge virudi au vihamishiwe duka lingine? Je, mwenye duka hadaiwi chochote mpaka auze? Hapa majibu ni ndiyo, kwa hiyo mali bado ni ya Kariakoo. Kukaa kwenye rafu za Morogoro hakubadilishi kitu.

Hatua ya 2: Siku ya kupeleka. Kama wewe ndiye muuza jumla, usikate risiti ya mauzo. Andika hati ya kupeleka mzigo, isainiwe, kisha hamisha kwenye vitabu vyako kutoka "Stoku ya stoo" kwenda "Stoku iliyo kwa wengine". Nauli iongeze kwenye gharama: 18,000 + 1,000 = sh 19,000 kwa kitenge. Mwenye duka aandike idadi tu kwenye daftari la pembeni, bila thamani.

Hatua ya 3: Mwisho wa mwaka. Tuseme vimeuzwa 25. Muuza jumla anaandika mauzo sh 700,000 (yote, si kile kilichobaki baada ya kamisheni), gharama ya mali sh 475,000 na kamisheni sh 70,000. Faida ni sh 155,000. Stoku yake Morogoro ni vitenge 15, sh 285,000. Mwenye duka mapato yake ni ile 70,000, na anadaiwa 630,000.

Kosa ninaloliona sana ni mwenye duka kuhesabu rafu nzima, vikiwemo hivyo vitenge 15. Mali moja inaingia vitabu viwili, na faida ya duka inavimba. Utaligundua ukilinganisha hesabu ya rafu na ankara za manunuzi: kuna vitenge visivyo na ankara.

MASWALI

Mwanachama: Mwalimu, sisi tumepewa siku 30 za kurudisha. Zimepita, bado tunavyo.

Jibu: Basi vimekuwa vyenu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ya Tanzania na ya Kenya, inasema ukikaa na mali ya "uza au rudisha" kupita muda uliokubaliwa bila kutoa taarifa ya kuikataa, umiliki unahamia kwako. Andikeni stoku na deni, kwa bei mnayotakiwa kumlipa mwenye mali. Yeye anaandika mauzo.

Mwanachama: Vikiibiwa dukani kabla ya muda kuisha je?

Jibu: Vinatoka kwenye stoku ya muuza jumla kama hasara. Kama mkataba unamtaka mwenye duka afidie, hilo ni dai na liandikwe peke yake, lisichanganywe na mauzo. Mkataba usiposema, hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa hiyo kifungu cha wizi na moto kiandikwe siku mzigo unapopakiwa.