Barua ya kumruhusu jirani apite kwenye ploti yako: vile tulivyoiandika Kilifi

Juzi nimemaliza kumsaidia mama mmoja hapa Kilifi, ploti yake iko mbele kwenye barabara ya murram na nyuma yake kuna jirani aliyenunua kipande kilichokatwa kutoka shamba la familia, kipande chenyewe hakina njia kabisa. Jirani anajenga, anataka kanta ziingize mawe na mchanga, na baadaye apite yeye na familia yake. Walikuwa na barua tayari, mistari mitatu tu, "namruhusu jirani apite kando ya mkorosho", basi. Mkorosho ukakatwa, kanta ikapita karibu na jiko la mama, ugomvi ukaanza. Hii hapa chini ndiyo njia tuliyofuata kuandika upya, na kama kesi yako inafanana na hii unaweza kuifuata vile vile.

Hatua ya 1: Hakikisha anayetoa ruhusa ndiye mwenye ploti

Angalia hati miliki na ufanye sachi kwenye ofisi ya ardhi. Kama ploti bado iko kwa jina la marehemu babu, barua ya mtoto mmoja haitasimama, ndugu wengine wataikataa na watakuwa na haki ya kuikataa, kwa hivyo mirathi kwanza.

Hatua ya 2: Amueni kama ni ruhusa au ni haki ya kudumu

Hapa watu wengi wanachanganya na madhara yake yanakuja miaka mingi baadaye. Ruhusa ni ya mtu kwa mtu, wewe unampa jirani yako, ina mwisho, na ukiuza ploti mnunuzi hafungwi nayo. Haki ya kudumu ya njia ni kitu kingine, inaandikwa kwa fomu ya serikali na kusajiliwa kwenye rejista ya ardhi chini ya sheria za ardhi za mwaka 2012, na ikishasajiliwa inaifuata ploti hata ikiuzwa mara kumi. Hiyo usiifanye kwa barua ya saibani, tafuta wakili.

Mimi napendelea ruhusa ya miaka michache pale ambapo jirani ana tumaini la kupata njia yake mwenyewe. Huyu jirani wa mama ana tumaini hilo, kuna kipande upande wa pili anazungumza na mwenyewe akinunue, kwa hivyo tukaandika miaka 3. Kama jirani hana njia nyingine kabisa na hatakuwa nayo, mwambie ukweli huo mapema, na wewe mwenye ploti pia ujue kwamba kukataa tu hakumalizi mambo, manake mtu ambaye ardhi yake imefungiwa anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi aombe amri ya kupewa njia.

Sasa neno lenyewe "ruhusa" liandike wazi kwenye barua, usiliache lieleweke lenyewe. Sheria ya Kenya inasema njia iliyotumika miaka 20 hadharani, kwa amani, bila kukatizwa na kama haki ya mtumiaji, inaweza kuwa haki yake kweli. Lakini anayepita kwa ruhusa yako hapiti kama mwenye haki. Kwa hivyo sentensi yetu ilikuwa hivi: "Njia hii inatumiwa kwa ruhusa yangu, na matumizi yake, hata yakiendelea muda mrefu, hayampi jirani umiliki wala haki ya kudumu juu ya sehemu yoyote ya ploti yangu." Tukaongeza jirani alipe shilingi 100 kila mwaka na apewe risiti. Pesa si kitu, lakini kila risiti inaonyesha kwamba mwaka huo pia alikuwa anapita kwa ruhusa.

Hatua ya 3: Pima njia kuanzia kwenye bikoni

Hii ndiyo ilitula siku nzima, na naomba uisome polepole.

Ploti ya mama ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15.24 kwa 30.48. Walikubaliana njia ipite ubavuni upande wa kaskazini, upana mita 3, kutoka barabarani mpaka nyuma. Tukachukua tepu, tukapima mita 3 kutoka kwenye ua wa makuti, tukachomeka mambo za mti, tukafunga kamba. Tulipofika karibu na jiko la nje kamba ikagusa ukuta. Mama akasema haiwezekani, jiko alilijenga mbali na mpaka kwa makusudi. Tukapima tena, jibu ni lile lile. Jirani naye akaanza kusema jiko ndilo limeingia njiani. Jua limetuwakia pale mpaka saa nane mchana.

Kilichotuokoa ni kupima upana wa ploti nzima. Kutoka kwenye ua mpaka bikoni ya upande wa pili tepu ilisoma 14.54, na ilitakiwa isome 15.24. Zimepungua sentimita 70. Yaani ua wa makuti ulikuwa umejengwa ndani ya ploti ya mama, sentimita 70 kutoka kwenye mpaka wenyewe, pengine fundi alikwepa kisiki. Tukafukua nyasi pembeni tukaiona bikoni, chuma ndani ya saruji, iko nje ya ua. Tukapima upya kutoka pale, na kamba ikapita mbali na jiko kwa sentimita 70 zile zile.

Kwa hivyo kabla hujaweka mambo hata moja, pima bikoni kwa bikoni kwanza na ulinganishe na vipimo vya kwenye ramani yako. Ikitofautiana kidogo sana, ni tepu kulegea. Ikitofautiana nusu mita, unapima kutoka mahali pasipo. Usitumie mti, ua, wala ukuta wa jirani kama alama, hivi vyote vinahama au vinakatwa. Usitumie hatua za miguu wala simu, ile ramani ya simu inaweza kukukosesha mita kadhaa na njia yenyewe ni mita 3. Tumia tepu ya chuma ya mita 30 au 50, ile ya kitambaa inavutika. Na kama bikoni hazionekani, au ploti yako ni ya zile ambazo mpaka wake ni ua na miti tu, muite saveya. Ni gharama ndiyo, lakini barua yenye vipimo vya kubahatisha ni mbaya kuliko kutokuwa na barua.

Upana pia uufikirie. Mita 3 kwa urefu wa ploti ile ni kama mita za mraba 91, karibu moja ya tano ya ploti yote. Kama jirani anapita kwa miguu na bodaboda tu, mita 1.5 inatosha, usitoe zaidi. Kwa kanta mita 3 inapita ikiwa imenyooka, shida iko pale inapokata kona kutoka barabarani. Sisi tuliita kanta tupu ipite kabla ya kuandika chochote, ikagonga mambo ya pale mdomoni, basi tukapanua mdomo wa njia uwe mita 4.5 kwa mita 3 za mwanzo, halafu inarudi kuwa mita 3.

Ikishapita vizuri, chora ramani ya mkono kwenye karatasi moja, onyesha bikoni, jiko, shimo la choo na bomba la maji, andika vipimo vyote, wote wawili waweke sahihi kwenye hiyo karatasi pia. Shimo la choo lisisahaulike hata kidogo, mfuniko wake haukujengwa kubeba gari la mawe. La mama liko mita 2 nje ya kamba na tuliliandika hivyo.

Hatua ya 4: Andika mipaka ya matumizi

Tuliandika nani anapita: jirani, familia yake, wageni na mafundi wake, kwa ajili ya nyumba moja ya kuishi. Hilo la nyumba moja lina sababu, akijenga vyumba kumi vya kupangisha, watu na bodaboda wataongezeka na hilo mama hakulikubali.

Magari yasizidi kanta, hakuna lori kubwa. Kanta zipite saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, watu saa yoyote, na kukiwa na mgonjwa, moto au msiba hakuna saa. Hakuna kuegesha wala kumwaga mchanga njiani. Ufunguo wa geti anapewa mmoja. Na kupita hakumaanishi kupitisha bomba wala nyaya za stima, akitaka hivyo waandikiane tena.

Hatua ya 5: Matengenezo

"Watashirikiana kutunza njia" usiandike, haina maana yoyote siku mashimo yakitokea. Andika nani, nini, na ndani ya siku ngapi. Hapa kwetu masika ndiyo yanaharibu, kanta ikipita kwenye udongo uliolowa inaacha mitaro miwili na maji yanatiririka mpaka mlangoni kwa mtu. Yetu ilisema hivi:

"Jirani atafyeka nyasi na kujaza mashimo kwa murram kwa gharama yake. Uharibifu utokanao na magari yake, ikiwemo bomba, ua au geti, atautengeneza ndani ya siku 14. Kanta hazitapita njia ikiwa imelowa maji. Mwenye ploti hataziba njia wala kupanda kitu ndani yake, na akiharibu njia yeye, atatengeneza yeye."

Ile sentensi ya mwisho jirani ndiye aliyeiomba, na ni haki yake. Barua isiyomfunga mwenye ploti kwa lolote jirani hataiheshimu.

Hatua ya 6: Mwisho wa ruhusa

Weka tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, kwa siku, mwezi na mwaka. Ukiandika "miaka 3" peke yake watu watabishana ilianza lini. Sisi tukaweka pia kwamba mama anaweza kuivunja mapema kwa notisi ya maandishi ya siku 90, au siku 30 kama jirani amevunja masharti, ameandikiwa na hajarekebisha. Na kwamba ploti yoyote ikiuzwa, ruhusa inaisha na mnunuzi aandikiwe upya akitaka. Jirani akipata njia yake kabla ya hapo inaisha siku hiyo.

Hatua ya 7: Sahihi

Majina kamili, nambari za vitambulisho, nambari za ploti zote mbili, mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Nakala mbili, kila moja na ramani yake. Mama alitaka muhuri wa chifu, tukaenda, ni vizuri, lakini ujue muhuri huo unathibitisha tu kwamba waliandikiana mbele yake, haugeuzi barua kuwa haki iliyosajiliwa.

Baada ya sahihi tulirudi kwenye ploti, tukatoa mambo za mti tukamwaga saruji kwenye kona zote na nondo fupi katikati, jirani akachanganya kokoto mwenyewe, mama akapiga picha kila kona na tepu ikiwa imelala chini.