Kupima joto mahususi la shaba kwa kikombe cha stairofomu

Kosa la nusu nyuzi tu kwenye kipimajoto linakuharibia jibu. Tuseme umechemsha gramu 100 za shaba hadi nyuzi 100, ukaitumbukiza kwenye gramu 100 za maji ya nyuzi 25. Bila joto kupotea, maji yangefika karibu 31.3. Ukisoma 30.8, hesabu ya joto mahususi c, ukitumia 4.18 kwa maji, ni:

c = (100 × 4.18 × 5.8) ÷ (100 × 69.2) = 0.35

Thamani halisi ni 0.385 J/g°C, kwa hiyo umepungukiwa karibu asilimia 9. Joto hilo limeenda hewani shaba ilipokuwa njiani, kwenye kikombe, na kwenye kipimajoto chenyewe.

Kung'uta shaba haraka kabla ya kuitumbukiza. Gramu moja ya maji yanayochemka ikiingia nayo hupandisha jibu kwa zaidi ya asilimia 10, na makosa mawili yakifutana utadhani umepatia!

Dawa ya joto linalopotea hewani ni kuanza na maji yaliyo nyuzi 3 chini ya joto la chumba. Yatapokea joto kidogo kutoka hewani mwanzoni, kisha yatapoteza karibu kiasi hichohicho yakishavuka joto la chumba. Funika, koroga taratibu, andika kipimo cha juu kabisa.