Bara na Zanzibar kwenye grafu moja: kutumia fahirisi ya 2002 = 100

Chukua idadi ya watu wa Tanzania Bara na ya Zanzibar katika sensa tatu za mwisho, uchore grafu ya mstari. Bara itapanda kutoka milioni 33 hadi karibu milioni 60. Zanzibar italala chini kabisa, imeshikana na mhimili, kana kwamba kwa miaka 20 hakuzaliwa mtoto visiwani. Grafu haijakosea, ila inajibu swali la nani ana watu wengi. Sisi tunauliza ni nani aliyekua kwa kasi zaidi, na hapo ndipo inapohitajika fahirisi, yaani namba inayoonyesha idadi ya kila mwaka ni asilimia ngapi ya idadi ya mwaka mmoja uliochaguliwa.

Hatua ya 1: Panga takwimu

Fungua Excel. Safu ya A weka mwaka, B Bara, C Zanzibar. Mstari wa 1 ni wa vichwa, takwimu zinaanzia mstari wa 2.

| Mwaka | Bara | Zanzibar |
|---|---|---|
| 2002 | 33,461,849 | 981,754 |
| 2012 | 43,625,354 | 1,303,569 |
| 2022 | 59,851,347 | 1,889,773 |

Hatua ya 2: Gawanya kwa mwaka wa kizio

Mwaka wa kizio ni ule tunaoupa thamani ya 100. Hapa ni 2002. Kila idadi inagawanywa kwa idadi ya 2002 ya upande uleule, kisha inazidishwa kwa 100. Kwenye D2 andika:

```
=B2/B$2*100
```

Iburute hadi E2, kisha zote mbili uziburute chini hadi mstari wa 4.

Alama ya dola ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo itazame vizuri. Imekaa mbele ya 2 tu, si mbele ya B. Inaufunga mstari wa 2002 usihame unapoburuta chini, lakini inaiacha herufi ihame kutoka B kwenda C unapoburuta kulia. Ukiisahau kabisa, safu nzima itajaa 100, kwa sababu kila mwaka unagawanywa kwa wenyewe. Ukifunga vyote viwili, yaani `$B$2`, Zanzibar ya 2002 itasoma 2.9 badala ya 100: umeigawanya kwa watu wa Bara. Mimi kabla ya kuchora chochote huangalia kwanza mstari wa mwaka wa kizio. Kama hausomi 100 kila upande, narudi kwenye fomula.

Ukipatia, utaona hivi:

| Mwaka | Bara | Zanzibar |
|---|---|---|
| 2002 | 100.0 | 100.0 |
| 2012 | 130.4 | 132.8 |
| 2022 | 178.9 | 192.5 |

Chora sasa. Mistari yote miwili inaanzia nukta moja, inakwenda karibu bega kwa bega hadi 2012, kisha Zanzibar inachomoka.

Hatua ya 3: Isome bila kujidanganya

Zanzibar ilitoka 132.8 ikafika 192.5. Ukitoa unapata 59.7, na nimeona ripoti zikiandika hapo kwamba iliongezeka kwa asilimia 59.7. Si kweli. Hizo ni pointi, na kila pointi ni asilimia moja ya watu wa 2002, si wa 2012. Kupata ongezeko la muongo wa pili, gawanya 192.5 kwa 132.8: ni asilimia 45. Kutoa peke yake kunatoa asilimia sahihi pale tu unapoanzia kwenye 100.

Vilevile 192.5 kuizidi 178.9 hakumaanishi Zanzibar ina watu wengi, wala kwamba iliongeza wengi. Bara iliongeza watu 26,389,498, Zanzibar 908,019. Fahirisi imefuta ukubwa kwa makusudi, ndiyo maana mimi huweka jedwali la idadi halisi chini ya grafu kila mara.

Hatua ya 4: Hamisha kizio uone kinachobadilika

Gawanya kila fahirisi kwa fahirisi ya 2012 ya upande wake, zidisha kwa 100. Huhitaji kurudi kwenye takwimu za awali. Sasa 2022 inasoma 137.2 kwa Bara na 145.0 kwa Zanzibar. Kasi ya kila upande haijaguswa, lakini pengo kati yao limeshuka kutoka pointi 13.6 hadi 7.8. Kwa hiyo ukitaja pengo, taja na mwaka wa kizio, na kichwa cha grafu kiseme wazi "2002 = 100".

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, ongeza sensa ya 1988, lakini kumbuka kati yake na ya 2002 kuna miaka 14, si 10. Grafu ya kawaida ya mstari ikiichukulia miaka kama majina tu, itaziweka sensa zote kwa umbali sawa, na kipande hicho kitaonekana kimepanda kwa kasi kuliko ilivyokuwa. Chagua aina ya `Scatter` yenye mistari, ili kila mwaka ukae mahali pake.